Barua ya kumwomba meneja mazungumzo ya faragha pale majukumu yako yanapopungua

Nimefanya kazi ya utumishi katika kampuni binafsi kwa miaka mingi, na barua za watu waliowekwa benchi nimezipokea za kila namna. Nyingi huharibika kabla ya kufika aya ya pili, kwa sababu mwandishi amejaribu kushinda kesi nzima ndani ya karatasi moja, ilhali alichohitaji kwa siku ile ni nusu saa ya kukaa na meneja wake mlango ukiwa umefungwa. Mwongozo huu unahusu barua hiyo moja tu, yaani ile ya kwanza, inayoandikwa wakati bado hujafungua mgogoro na hujui kama utahitaji kuufungua.

Nitafuata mfano wa ofisa ununuzi mmoja wa Dar es Salaam aliyeniletea rasimu yake niisome. Kampuni yake inasambaza vifaa vya maabara. Alikuwa na likizo ya uzazi ya siku 84, kuanzia tarehe 9 Desemba 2024 hadi tarehe 2 Machi 2025, na aliporudi kazini Jumatatu ya tarehe 3 Machi alikuta kiti chake kipo, kompyuta yake ipo, mshahara wake haujaguswa, ila kazi yenyewe haipo. Mwenzake aliyemshikia nafasi aliendelea kuishika. Yeye alipewa hati za kupokelea mizigo azipange kwenye mafaili, akaambiwa apumzike kwanza, mtoto bado mchanga. Wiki ya kwanza aliyapokea maneno hayo kama hisani, lakini kufikia wiki ya tano alikuwa ameshaelewa kwamba hakuna aliyepanga kumrudishia chochote.

Hatua ya kwanza: andika yaliyopungua kabla ya kuandika barua

Chukua karatasi, uichore safu nne. Ya kwanza iwe jukumu lenyewe, ya pili ni lini ulilifanya kwa mara ya mwisho, ya tatu ni nani analifanya sasa, na ya nne umejuaje. Safu ya nne ndiyo inayowachuja watu, kwa kuwa hapo ndipo utagundua kwamba baadhi ya mambo yanayokuuma huyajui kwa hakika bali unayahisi.

Ofisa wetu alianza na mambo kumi na moja. Tulipoyapitia moja baada ya jingine yakabaki matatu. La kwanza lilikuwa kusimamia mikataba ya wasambazaji wa vitendanishi vya maabara, ambayo sasa ilikuwa mikononi mwa mwenzake, naye alijua hivyo kwa sababu msambazaji mmoja alimpigia simu kumuuliza kwa nini amehamishwa. La pili lilikuwa kuidhinisha oda zisizozidi shilingi milioni 5. Hili alilijua kwa macho yake: alipofungua oda kwenye mfumo siku ya tarehe 4 Machi, kitufe cha kuidhinisha hakikuwepo, na alichoweza kufanya ni kusoma tu. La tatu lilikuwa taarifa ya manunuzi ya mwezi, ambayo ya mwezi Machi ilisambazwa kwa barua pepe ikiwa na jina la mtu mwingine.

Yale manane tuliyoyaacha hayakuwa ya uongo. Meneja kutomsalimia kwa uchangamfu kama zamani, wenzake kunyamaza anapoingia jikoni kuchukua chai, kikao cha Jumatatu kuanza kabla hajafika, hayo yote yanaweza kuwa kweli na yanaweza kuwa dalili ya jambo kubwa. Hata hivyo meneja anaweza kuyakana kwa sentensi moja, na akishakana moja, yale matatu mazito nayo yataonekana ni ya kufikirika.

Baada ya hapo weka karatasi hiyo pembeni ya maelezo ya kazi uliyopewa pamoja na mkataba wako. Jukumu lililoandikwa mle na jukumu ulilolizoea tu kwa kuwa ulikuwepo si kitu kimoja. Katika mfano wetu mikataba na uidhinishaji wa oda vilikuwa vimeandikwa, lakini taarifa ya mwezi haikuwemo, kwani aliianzisha mwenyewe miaka miwili nyuma baada ya kuombwa kwa mdomo. Hilo halikuifuta kwenye barua, ila lilimwonyesha ni wapi anasimama kwenye mwamba na ni wapi anasimama kwenye mchanga, akajua mapema jambo atakaloweza kulilegeza mezani.

Hatua ya pili: amua barua inaomba nini

Inaomba kikao, basi. Haiombi majukumu yarudi, haiombi maelezo ya maandishi, haiombi mtu awajibishwe. Sababu yake ni ya kiofisi kabisa: meneja anayepokea barua inayodai majibu kwa maandishi hatakujibu yeye, ataipeleka kwa mwanasheria au kwetu sisi wa utumishi, na kuanzia hapo kila neno litapimwa kwa mizani ya kujikinga. Meneja anayeombwa nusu saa, kinyume chake, hana cha kukataa bila kuonekana vibaya, na mara nyingi jibu la kweli hutoka mdomoni kabla halijafika kwenye karatasi.

Hata hivyo usimwandikie kwamba unaomba kikao kwa ajili ya jambo muhimu kisha ukaishia hapo. Atadhani unataka kuacha kazi, au kwamba kuna mtu amekunyanyasa, na ataingia kwenye kikao akiwa na hofu au akiwa ameshaita mashahidi. Mtajie jambo lenyewe kwa sentensi mbili au tatu, ili apate kuuliza, kukumbuka na kujiandaa.

Hapa kuna neno moja la kuliangalia. Tumezoea kusema mazungumzo ya faragha, na neno ni zuri, lakini likikaa kwenye kichwa cha barua, tena kutoka kwa mwanamke kwenda kwa meneja mwanaume, katibu muhtasi anayefungua barua anaweza kulisoma kwa namna ambayo hukuikusudia, na ofisi zetu hazikosi wenye masikio marefu. Kichwani andika mazungumzo ya ana kwa ana. Neno faragha liweke ndani ya barua, pamoja na sababu yake, kwamba jambo linagusa majukumu ya wenzako pia na hupendi lizungumzwe mbele yao. Pendekeza chumba cha mikutano au ofisi yake, ndani ya saa za kazi.

Hatua ya tatu: chagua vitenzi

Hapa ndipo barua nyingi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Rasimu ya kwanza ya ofisa wetu ilikuwa na sentensi hii: "Nimesikitishwa mno na kitendo cha kuninyang'anya majukumu yangu nikiwa likizo na kumpa mtu mwingine bila hata kunishirikisha." Kila kilichomo kinaweza kuwa kweli, na bado sentensi imekwishahukumu. Kunyang'anya ni kitenzi chenye mkosaji ndani yake, na mkosaji huyo ndiye anayeisoma barua. Neno kitendo nalo linaligeuza jambo kuwa shauri la polisi.

Alipojaribu kulainisha akaandika "nimeondolewa majukumu yangu." Hii inaonekana ya upole kwa sababu haimtaji mtu, lakini kauli ya kutendwa haimfichi mtendaji, humfanya msomaji amtafute, na meneja akitafuta atajikuta mwenyewe. Tena inasema zaidi ya anachokijua mwandishi. Kuondolewa ni uamuzi, na yeye hakuwa na ushahidi wowote wa uamuzi. Inawezekana kabisa kwamba meneja alimpa mwenzake kazi ile kwa muda, muda ukaisha, na hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Mambo ya namna hiyo nimeyaona zaidi ya mara moja, hasa pale aliyeshikilia nafasi anapokuwa anaifanya kazi vizuri na kwa kimya.

Tulichokubaliana ni hiki: "Mpaka leo sijarejeshewa majukumu yafuatayo." Kile kiungo cha -ja- kinafanya kazi kubwa kuliko aya nzima ya heshima. Kinasema jambo halijatokea lakini lilitarajiwa kutokea na bado linaweza kutokea, na kinampa meneja mlango wa kupita bila kukiri kosa. Kurejeshewa nako kunadokeza kwamba mali ni yako na iliazimwa, bila kumtuhumu aliyeazima. Tahadhari ni moja tu: ikiwa ulipewa barua rasmi ya kuhamisha majukumu, usiandike hivyo, kwa kuwa utaonekana unaificha barua hiyo. Itaje kwa tarehe yake, kisha useme unaomba kuelewa utekelezaji wake.

Maneno kama ubaguzi, uonevu na kulipiza kisasi yaache nje ya barua hii, hata kama moyoni una hakika nayo. Sheria nayo iache nje. Nitaeleza mbele kidogo kwa nini unapaswa kuijua bila kuitaja.

Hatua ya nne: barua yenyewe

Hii ndiyo iliyotoka, nikiwa nimeacha majina na anwani.

Tarehe 9 Aprili 2025

Meneja wa Idara ya Ununuzi na Ugavi,
S.L.P. …,
Dar es Salaam.

Ndugu,

YAH: OMBI LA MAZUNGUMZO YA ANA KWA ANA KUHUSU MAJUKUMU YANGU

Nilirejea kazini tarehe 3 Machi 2025 baada ya kumaliza likizo ya uzazi, na nakushukuru kwa namna idara ilivyoendesha shughuli zangu katika kipindi chote ambacho sikuwepo.

Mpaka leo sijarejeshewa majukumu matatu niliyokuwa nikiyatekeleza kabla ya likizo, ambayo ni usimamizi wa mikataba ya wasambazaji wa vitendanishi, uidhinishaji wa oda zisizozidi shilingi milioni 5, na uandaaji wa taarifa ya manunuzi ya mwezi. Kwa sasa ninashughulikia hati za kupokelea mizigo pekee. Ningependa kufahamu mpango wa idara kuhusu majukumu hayo, ili nami nijipange ipasavyo.

Kwa kuwa jambo hili linagusa pia kazi za wenzangu, naomba tulizungumze kwa faragha, kwa muda usiozidi nusu saa, katika ofisi yako au katika chumba cha mikutano. Nitakuwa na nafasi siku yoyote kati ya tarehe 15 na 17 Aprili kuanzia saa 9 alasiri, na nitajipanga kwa muda mwingine wowote utakaokufaa zaidi.

Natanguliza shukrani.

Wako mtiifu,
(saini)
Ofisa Ununuzi

Barua ni fupi kuliko watu wanavyotarajia. Shukrani ya aya ya kwanza si ya kujipendekeza, kwa sababu inaweka wazi kwamba wenzake walishika kazi kwa kipindi ambacho hakuwepo, na kipindi hicho kimekwisha. Kwa sentensi hiyo hiyo ameweka tarehe ya kurejea kwenye maandishi. Sentensi ya hati za kupokelea mizigo haina malalamiko, lakini meneja yeyote ataelewa uzito wa neno pekee likiwa limetoka kwa mtu mwenye cheo cha ofisa. Utaona pia kwamba hatukuanza na "husika na kichwa cha habari hapo juu," usemi ambao umezoeleka mno katika barua za Tanzania na ambao kwa maoni yangu unaila sentensi bora ya barua bila kuongeza kitu. Kama ofisi yako inautarajia, uweke, haudhuru. Msomaji wa Kenya ataandika MINT au KUH pale tulipoandika YAH.

Siku zilizopendekezwa zilichaguliwa kwa makusudi. Ijumaa Kuu mwaka huo iliangukia tarehe 18 Aprili, na ombi lililovuka Pasaka lingesahaulika. Saa 9 ni baada ya oda za siku kufungwa katika idara ile, kwa hiyo meneja asingekuwa na kisingizio cha kubanwa.

Hatua ya tano: ifikishe mkononi mwake

Andika BINAFSI juu ya bahasha, ifunge, uipeleke mwenyewe. Usiandike SIRI, kwa kuwa neno hilo katika ofisi zetu, hasa za umma, lina utaratibu wake wa masjala, na barua yako inaweza kuzungushwa kwenye daftari ambalo hukulitaka. Ukituma kwa barua pepe, kichwa kiwe kifupi, kwa mfano "Ombi la mazungumzo", kwa sababu vichwa vya barua pepe husomwa na anayepita nyuma ya kiti.

Usiweke nakala kwa utumishi katika barua ya kwanza. Najua ushauri huu unatolewa kinyume na wengi, na najua unatoka kwa mtu wa utumishi, lakini nakala humwambia meneja kwamba umeshakwenda kwa mkubwa wake kabla hujazungumza naye. Kuna hali moja ninayoitenga: kama meneja mwenyewe ndiye tatizo la aina nyingine, tuseme alikutolea maneno machafu au alikutaka, basi barua hii siyo yako kabisa, nenda utumishi moja kwa moja au kwenye tawi la chama cha wafanyakazi.

Baki na nakala yako, nyuma yake uandike siku na saa uliyoikabidhi. Subiri siku tano za kazi. Zikipita bila jibu, andika ukumbusho wa sentensi mbili ukitaja tarehe ya barua ya kwanza, na katika ukumbusho huo ndipo nakala kwa utumishi inapokuwa na haki ya kuwepo.

Hatua ya sita: hesabu siku zako kimya kimya

Kwa walio sekta binafsi Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mambo mawili yanayogusa hali hii. Mwajiri akibadilisha maelezo ya ajira aliyompa mfanyakazi kwa maandishi, anapaswa kushauriana naye na kumwarifu mabadiliko hayo kwa maandishi. Na mwanamke anayemaliza likizo ya uzazi ana haki ya kurejea kazini kwa masharti yale yale. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, na watumishi wa umma wana ngazi zao za malalamiko, kwa hiyo wasichukue hesabu ifuatayo kama ilivyo.

Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipozuka, na ule wa kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Lini hasa mgogoro ulizuka ni jambo linaloweza kubishaniwa, lakini mtu mwangalifu huhesabu kuanzia siku ya mapema zaidi. Kwa ofisa wetu hiyo ilikuwa tarehe 3 Machi, na siku 60 zilikuwa zinaishia tarehe 2 Mei. Alipokabidhi barua tarehe 9 Aprili, siku 37 zilikuwa zimekwenda. Ndiyo maana nilimwambia asiilaze tena rasimu ile wiki nyingine, ingawa yeye alitaka kuipamba. Mazungumzo mema hayasimamishi hesabu hiyo, na kuna mameneja wanaojua hivyo, watakaokupa ahadi ya wiki ijayo mpaka siku ziishe.

Usiache kazi kwa hasira ukidhani utadai baadaye. Sheria inatambua kwamba mtu anaweza kulazimika kuacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike, lakini mzigo wa kuthibitisha hilo huwa juu yako, na swali la kwanza utakaloulizwa ni kama ulijaribu kulisuluhisha ndani. Nakala ya barua hii ni sehemu ya jibu.

Hatua ya saba: siku ya kikao, na jioni yake

Ingia na ile karatasi ya safu nne, iwe mbele yako, si mbele yake. Anza kwa kuuliza, si kwa kueleza: "Ningependa kujua, majukumu haya matatu yamepangwaje kuanzia sasa?" Kisha nyamaza. Kimya hiki ni kigumu kuliko barua nzima, na wengi hukijaza kwa kuanza kujitetea kuhusu mtoto, afya au uchovu, mambo ambayo hakuna aliyeyauliza. Akisema alidhani unahitaji muda wa kupumzika, mshukuru, umwambie uko tayari sasa. Akisema ni mabadiliko ya muundo, uliza yalianza lini na kama maelezo yako ya kazi yatarekebishwa kwa maandishi.

Ofisa wetu alipata kikao tarehe 16. Meneja alimweleza kwamba kibali cha kuidhinisha oda kilizimwa kwenye mfumo Desemba na hakuna aliyeagiza kiwashwe, kwamba mikataba ingerudi kwake baada ya mwenzake kumaliza ununuzi mmoja uliokuwa katikati, na kwamba taarifa ya mwezi ingebaki kwa mwenzake. La tatu hakulipenda. Alikumbuka kwamba halimo kwenye maelezo yake ya kazi, akaliachia.

Jioni ile ile, kabla ya kupanda daladala, alituma barua pepe hii: "Nashukuru kwa mazungumzo ya leo. Kama nilivyoelewa, kibali changu cha kuidhinisha oda kitarejeshwa wiki hii, mikataba ya vitendanishi nitakabidhiwa ifikapo tarehe 28 Aprili, na taarifa ya mwezi itaendelea kuandaliwa kama ilivyo sasa. Kama kuna nilipoelewa tofauti, naomba unisahihishe." Tarehe 28 haikuwa ya bahati. Ilimwachia siku nne kabla ya ile ya 2 Mei, endapo mikataba isingefika. Jibu la meneja lilikuja asubuhi likiwa na neno moja, "Sawa", naye akalichapa na kuliweka kwenye bahasha moja na nakala ya barua.